Mtangazaji ni wetu, mkataba ni wa nani?

Swali: "Kipindi kilichonunuliwa nje kikiendeshwa kwa lugha yetu na mtangazaji wetu, bado ni ubeberu wa kitamaduni?"

Aliyejibu kabla yangu kwamba kipindi kikiwa kwa lugha yetu si ubeberu tena amepatia nusu. Tazama Kaun Banega Crorepati, shindano la maswali la televisheni ya India, lililoanza mwaka 2000 kutokana na Who Wants to Be a Millionaire? la Uingereza la mwaka 1998. Kihindi cha mtangazaji wake, mwigizaji Amitabh Bachchan, adabu yake kwa washiriki na zawadi inayohesabiwa kwa kroo, yaani kwa milioni kumi za rupia, viliifanya iwe ya Kihindi kwelikweli, na hapo hoja ya nadharia ya ubeberu wa kitamaduni kwamba watazamaji humeza tu cha wageni inapwaya. Lakini jukwaa la duara, muziki wa wasiwasi, taa zinazofifia na ngazi ya maswali vilitoka katika mwongozo wa uzalishaji ambao mwenye muundo wa kipindi humkabidhi mnunuzi pamoja na leseni, na huwezi kuvigusa bila ridhaa yake. Kituo kilichoirusha, Star Plus, nacho kilikuwa mali ya kampuni ya Rupert Murdoch, tajiri wa vyombo vya habari asiye Mhindi.

Kwa hiyo mimi huuliza nani anaruhusiwa kubadili nini, na ada inakwenda kwa nani. Ujanibishaji, yaani kukifanya cha nje kiwe cha nyumbani, unaeleza vizuri kinachoonekana kwenye skrini; nadharia ya ubeberu, kilichomo mkatabani. Aliyetaja tamthilia za nje zinazoonyeshwa na manukuu ya tafsiri ameuliza jambo jingine, kwa kuwa pale hakuna kinachotengenezwa upya. Kinachonitatiza mimi ni tamthilia ya Kolombia Yo soy Betty, la fea, iliyotengenezwa upya Marekani mwaka 2006: hapo beberu ni nani?