Usiweke laki nne kwenye hisa kwa sababu ya 18%

"Wadau, Sacco yetu mwaka jana ililipa gawio la hisa 18% na riba ya akiba 9%. Nina laki nne mkononi, nataka kuziweka zote kwenye hisa Novemba hii ili mwakani nipate 72,000. Kwa nini tofauti ni kubwa hivyo? Mume wangu anasema nisubiri."

Dada, msikilize mumeo. Fomu hiyo usiitie sahihi leo wala kesho.

Mimi niliitia. Ilikuwa katikati ya Novemba 2021, kwenye kaunta ya tawi letu, na afisa masoko alikuwa amenizungushia kwa kalamu nyekundu zile namba mbili unazoziona wewe: 18 na 9. Akaniambia, "Mwalimu, pesa yako imelala kwenye akiba, iamshe." Nilikuwa na 350,000 za kuuza kiploti cha urithi. Nikaziweka zote kwenye hisa na nikatoka pale nimeshapiga hesabu ya 63,000.

Machi iliyofuata, baada ya mkutano mkuu, simu ikalia meseji ya gawio. 5,250 kabla ya kodi, kwa zile hisa mpya. Nilirudi kaunta nikidhani wamekosea sifuri, kumbe hakuna kosa. Gawio huhesabiwa kwa miezi ambayo pesa imekaa, na kwetu mwezi unaoweka pesa hauhesabiwi, unaanza mwezi unaofuata. Kwa hiyo 350,000 zangu zilikuwa zimefanya kazi mwezi mmoja tu, Desemba. Chukua 18% yake, gawa kwa kumi na mbili, utapata 5,250 kamili. Zako laki nne kwa hesabu hiyo hiyo zitakupa 6,000. Ziko Sacco zinazohesabu mwezi wa kuweka pia, na hapo utapata 12,000. Hizo 72,000 hazipo mwakani kwa njia yoyote. Yule afisa alijua. Mtu anayeuza hisa Novemba anajua mwezi gani umebaki kwenye mwaka, na hakufungua mdomo.

Lakini hilo ni dogo, sikiliza kubwa.

Umeuliza kwa nini tofauti ni kubwa. Nilikuja kuelewa siku nilipochukua kitabu cha hesabu za mwaka na kukaa nacho kama ninavyokaa na madaftari ya darasa la sita. Nakupa namba zetu za mwaka ule, nimezikadiria kidogo zikae vizuri. Akiba za wanachama wote zilikuwa milioni 900. Hisa zilikuwa milioni 60 tu. Mapato, karibu yote riba tunayolipa sisi wenyewe kwenye mikopo, yalikuwa milioni 150. Gharama za kuendesha chama, mishahara na mikopo iliyoshindikana zikala milioni 45. Zikabaki 105.

Hapo angalia mpangilio. Riba ya akiba ndiyo inatoka kwanza. Kwenye hesabu zetu imeandikwa kama gharama, juu kabisa, kabla hata neno "ziada" halijatajwa: 9% ya milioni 900 ni milioni 81. Zikabaki 24, na hizo 24 ndizo zinazoitwa ziada. Sheria za Sacco za Kenya zinataka isiyopungua asilimia 20 ya ziada halisi iingie kwenye akiba ya kisheria ya chama, ambayo hakuna mwanachama anayegawiwa. Kwetu ilikuwa milioni 4.8. Zikabaki 19.2, na hapo ndipo gawio la hisa lilipochotwa: 18% ya milioni 60, yaani milioni 10.8. Zilizobaki zikaachwa chamani.

Sasa umeona? Kuongeza riba ya akiba kwa asilimia moja tu kungewagharimu milioni 9. Kuongeza gawio la hisa kwa asilimia moja kunawagharimu laki sita. Kamati ikitaka kuonekana imefanya vizuri, itapandisha namba gani? Ile ya bei rahisi. 18% ni kubwa kwa sababu fungu la hisa ni dogo, basi. Hisa yako haikufanya kazi mara mbili ya akiba yako. Sheria ya ushirika yenyewe inatofautisha: gawio hufuata hisa ulizonazo, bonasi hufuata biashara uliyofanya na chama. Kwenye Sacco biashara ni kuweka na kukopa, na ile riba ya akiba ndiyo inayosimama mahali pa bonasi kwa wengi wetu. Ndiyo maana fungu kubwa linaenda huko. Ushirika ulijengwa hivyo tangu mwanzo, mtaji upate kiasi na mtumiaji apate zaidi.

Na kinachoniuma ni kwamba namba hiyo ya 18 inaliwa na watu wanaoikimbilia. Kampeni ile iliyoninasa mimi ilinasa wengi. Mwaka 2022 hisa zilipanda kutoka milioni 60 hadi 95. Fungu la gawio halikupanda vile. Lilifika milioni 11.4. Gawanya: 12%. Zile 350,000 zangu zikanipa 42,000 kwa mwaka mzima, kabla ya kodi. Kama ningeziacha kwenye akiba kwa 9% ningepata 31,500. Kwa hiyo faida yote ya kuamsha pesa yangu, kama alivyosema yule bwana, ilikuwa 10,500.

Haya, shika hiyo 10,500 kichwani, maana sasa nakuja kwenye gharama yake.

Machi 2023 mama alianguka bafuni akavunjika nyonga. Hospitali ilitaka pesa kabla ya kumwingiza chumba cha upasuaji. Nikaenda Sacco nimetulia kabisa, najua nina pesa. Dada wa kaunta akaniangalia kwa huruma, akanigeuzia skrini nisome mwenyewe. Hisa hazirudishwi. Zinahamishwa tu kwa mwanachama mwingine anayezinunua. Hata ukijiuzulu uanachama, akiba utapewa baada ya notisi ya siku sitini kama huna deni na hakuna unayemdhamini, lakini hisa utatafuta mnunuzi. Nikauliza mnunuzi yuko wapi. Akanipa fomu ya kuandika jina kwenye orodha ya wanaouza. Nilikuwa namba 41.

Basi nikasema nikope. Hapo ndipo kisu cha pili. Sacco yetu inakopesha mara tatu ya akiba. Mara tatu ya akiba, nasema, hisa hazihesabiwi. Akiba yangu ilikuwa 140,000, kwa hiyo kikomo changu 420,000, na tayari nilikuwa na mkopo wa ada uliobaki 300,000. Nikapewa 120,000. Kama zile 350,000 zingekuwa kwenye akiba, ningekuwa na 490,000 na kikomo cha 1,470,000. Hata ukiweka ile kanuni ya mshahara kutoshuka chini ya theluthi, ningepata ya kumtibu mama bila kumpigia mtu yeyote simu usiku.

Nilipiga simu. Nikachukua 150,000 kwa mkopeshaji wa mtaani kwa asilimia 10 kwa mwezi. Hisa zangu zikakaa kwenye orodha miezi mitano. Aliyekuja mwishowe alijua nina shida, maana anayeuza hisa akiwa na haraka hujulikana, na akaniambia atachukua za laki mbili kwa 160,000. Nikauza. Riba ya mtaani 75,000, punguzo la hisa 40,000, jumla 115,000. Rudi kwenye ile 10,500 uziweke pamoja.

Mama alifanyiwa upasuaji, anatembea na fimbo, namshukuru Mungu. Lakini mtaalamu wa masoko aliyeniambia pesa imelala hakuwahi kuniuliza swali moja: "Mwalimu, hizi pesa utazihitaji lini?" Angeuliza hilo tu, ningejibu, na angenyamaza. Anapimwa kwa hisa anazouza kila mwezi. Sisi tunapimwa siku mgonjwa yuko kwenye kitanda cha magurudumu.

Kwa hiyo ninachoshikilia, na nakuomba ushikilie: kwenye hisa weka zile za lazima za uanachama, na baada ya hapo weka pesa ambayo hutaihitaji tena mkononi mwako. Wengine wanaacha gawio lenyewe liingie kwenye hisa kila mwaka, hilo sina ugomvi nalo, linakua polepole na hulitafuti. Lakini pesa yenye jina, iwe ada, nyumba, mzee au matibabu, iende akiba. Inapata kidogo, inakuongezea kikomo cha mkopo, na siku ukiondoka unaondoka nayo. Hata akiba haitoki kama pesa ya simu, ujue hilo pia. Kwetu huwezi kuchota kipande, ni mpaka ujitoe, na ukiwa umemdhamini mtu inabidi apate mdhamini mwingine kwanza. Kama unataka kitu cha kuchota wakati wowote, uliza kama wana akaunti ya akiba ya kawaida pembeni, riba yake ni ndogo lakini inafunguka.

Na usiniambie Sacco yako ni tofauti kwa sababu ni kubwa. Mimi pia nilisema hivyo. Fanya jambo moja kabla ya Ijumaa: omba kitabu cha hesabu za mwaka jana, tafuta mistari miwili tu, jumla ya akiba za wanachama na jumla ya hisa. Gawanya hisa kwa akiba. Kwetu ilikuwa milioni 60 kwa 900, chini ya asilimia saba. Ukikuta kwenu ni ndogo hivyo, utajua ile 18 imetoka wapi, na utajua itakwenda wapi watu wengine wakiingia pamoja na wewe. Kisha linganisha na miaka mitatu iliyopita: hisa zikipanda haraka kuliko ziada, gawio litashuka, hakuna ujanja.

Halafu piga picha ule ukurasa wa sheria ndogo za chama chenu unaozungumzia hisa, hasa kifungu cha kuhamisha, uiweke hapa kwenye uzi. Nitakaa nao usiku wa leo niusome mstari kwa mstari. Laki nne zako ziache kwenye akaunti ya benki wiki hii, haziozi.