Kiberiti cha usalama kilivyochukua nafasi ya jiwe na chuma

"Kwa nini nyumba za Ulaya ziliacha jiwe la gumegume zikahamia kiberiti cha usalama?"

Ndugu, cheche ilipatikana kwa urahisi. Kazi ilikuwa kupata mwali. Jiwe lilimegua chembe za chuma zenye moto, zikadondokea kitambaa cha kitani kilichounguzwa mpaka kikawa cheusi, kisha mtu akapuliza taratibu na kukigusa kwa kijiti chenye salfa. Kitambaa kikipata unyevu kidogo tu, cheche zilizimika, na mtu aligonga bure gizani.

Kusema kweli, waliovunja kwanza utawala wa jiwe ni viberiti vya fosforasi nyeupe vya miaka ya 1830, ambavyo viliwaka kwa kusuguliwa popote, hata mfukoni, huku mvuke wake ukiozesha mataya ya wafanyakazi viwandani, jambo la kusikitisha sana. Mwaka 1844 Gustaf Erik Pasch wa Uswidi aliiondoa fosforasi kwenye njiti, akaweka ile nyekundu, isiyo na sumu hiyo, ubavuni mwa kisanduku, na kichwani ikabaki kemikali iitwayo kloreti ya potasiamu; hicho ndicho kiberiti cha usalama, kilichohitaji kusuguliwa kwenye kisanduku chake ili kiwake. Ndugu wawili wa ukoo wa Lundström, mjini Jönköping, waliuboresha ubunifu huo na kuuingiza sokoni katika miaka ya 1850. Hata hivyo, fosforasi nyeupe iliendelea kutumika kwa miongo kadhaa, mpaka Mkataba wa Bern wa 1906 ulipoipiga marufuku katika nchi zilizoukubali.