Mtangazaji akisema "hamjambo", nani amjibu?

SWALI: Naendesha kipindi cha alfajiri kinachoanza saa kumi na moja, studio ipo Dar ila tunasikika mpaka Kigoma. Nikifungua maiki huwa nasema hivi: "Habari zenu wapendwa wasikilizaji, kumekucha, hamjambo, nawasalimu wote popote pale mlipo, shikamooni wakubwa zangu, na wale wote mnaoelekea makazini nawatakia safari njema, karibuni sana msikilizaji." Bosi anasema nasikika kama naongea na mkutano wa hadhara, anataka kila mtu aone naongea na yeye. Nibadilishe nini? Na nikisema "wewe" si nitakuwa nawakosea adabu wazee?

JIBU: Bosi wako yupo sahihi, na kosa halipo kwenye sauti yako wala kwenye uchangamfu, lipo kwenye viambishi. Saa kumi na moja alfajiri watu hawasikilizi redio kwa makundi, mtu yupo peke yake jikoni, yupo kwenye kiti cha dereva, yupo getini analinda, wengine wamelala. Sasa wewe unamwambia "hamjambo". Hebu jiulize huyo mtu akitaka kukujibu atasemaje? "Hatujambo"? Yeye na nani? Salamu ya Kiswahili ina jibu lake, hujambo inajibiwa sijambo, hamjambo inajibiwa hatujambo, shikamoo inajibiwa marahaba, kwa hiyo njia rahisi ya kupima salamu ya redioni ni kuangalia kama mtu mmoja aliyekaa peke yake anaweza kuijibu kwa mdomo wake bila kujisikia mjinga. Kama hawezi, basi hujamsalimia yeye.

Sema "hujambo?" halafu nyamaza kidogo. Hapo kwenye kunyamaza watangazaji wengi wanashindwa, wanaogopa hewa tupu, wanapiga hujambo na habari za asubuhi na umeamkaje kwa pumzi moja, matokeo yake hata ukitumia umoja bado inasikika kama tangazo maana hakuna binadamu anayeuliza hali ya mwenzake bila kumpa nafasi ya kujibu. Muda wa mtu kusema "sijambo" unatosha, si zaidi.

Kuna wingi mmoja tu naoukubali hapo, nao ni "hamjambo hapo nyumbani?" Hiyo mtu mmoja anaweza kuijibu, anajibu hatujambo kwa niaba ya mama watoto na watoto na mgeni aliyelala sebuleni, ndo tunavyosalimiana mtaani kila siku. Wingi wa nyumba yake unamhusu. Wingi wa wasikilizaji wako haumhusu, hata hawajui.

Sasa "nawasalimu". Hii ina tatizo ambalo wengi hawalioni, hicho kiambishi -wa- kinabeba watu wawili tofauti, kinabeba nyinyi na kinabeba wao. Nikisema "nawasalimu" bila kitu kingine inaweza kuwa nakusalimu wewe na wenzako na inaweza kuwa nasalimu watu fulani ambao hata hawapo hapa. Kwenye mkutano haina shida kwa sababu watu wanamuona msemaji anawaangalia wao, ila redioni macho hayapo, kimebaki kiambishi tu. Ndo maana kwenye hotuba na kwa watu wa pwani unasikia "nakusalimuni", "nakuombeni", "nakushukuruni", ile ku- ya mbele na -ni ya nyuma zinaweka wazi kwamba ni nyinyi na si wao. Ni Kiswahili safi kabisa na siku ukilazimika kusalimia watu wengi kwa pamoja itumie. Ila kwa kipindi chako cha alfajiri hata hiyo ni kubwa mno, sema "nakusalimu" au acha kabisa kitenzi cha kusalimu, maana ukishauliza hujambo umeshasalimia, kutangaza kwamba unasalimia ni kama kurudi nyuma.

Mbaya kuliko zote kwenye salamu yako ni "wale wote mnaoelekea makazini". Kwanza sarufi imegongana, "wale" ni wao na "mnaoelekea" ni nyinyi, ilitakiwa "wale wanaoelekea" au "nyinyi mnaoelekea". Lakini hata ukiirekebisha ikawa "wale wanaoelekea makazini" bado umeharibu, kwa sababu sasa unamsimulia mtu habari zake mwenyewe akiwa hapohapo. Konda yupo kwenye basi anakusikia, wewe unasema wale makonda. Wale wapi, yeye yupo hapa!

Dawa yake ni "kama" pamoja na u- ya umoja. "Kama ndo unatoka lindo, pole na usiku." Huhitaji kujua ni nani, mlinzi akisikia anajichagua mwenyewe, na asiyekuwa mlinzi hajaumia, anasubiri "kama" inayofuata au anajiskia amesikia maongezi ya watu wawili, kitu ambacho watu wanakipenda kweli (muulize yeyote aliyewahi kusikiliza vipindi vya kadi za salamu, jina la mtu usiyemjua linasomwa na wewe umetega sikio). Ila usiziweke nyingi. Kama dereva, kama mama ntilie, kama nesi, kama mwanafunzi, kama mvuvi, ukifika ya tano umerudi kulekule kwenye orodha ya mkutano. Mbili zinatosha, na zibadilishe kila siku, na iwe na kitu anachokifanya huyo mtu saa hiyo, "unatoka lindo" au "maji ya chai yanachemka", sio jina la kazi yake tu.

Hiyohiyo ndo inakutatulia shikamoo. "Shikamooni wakubwa zangu" ni sahihi kisarufi, lakini umegawa watu mafungu mawili na mtoto wa miaka kumi anabaki hajui afanye nini. Sema "kama umenizidi umri, shikamoo", kisha tulia, mzee wa watu aseme marahaba yake kwa raha.

Na hapo napata nafasi ya kukujibu kuhusu adabu. Kwenye Kiswahili heshima haibebwi na wingi. Ukiamka unamwambia bibi yako "shikamoo bibi, umeamkaje", husemi "mmeamkaje" kama yupo peke yake, na hakuna anayekuona huna adabu, kwa sababu heshima imeshakaa kwenye shikamoo na kwenye neno bibi. Zipo lugha zetu za makabila ambazo mkubwa anasemeshwa kwa wingi, na mtu aliyekulia humo akija kwenye Kiswahili anaona u- kama inamkwaruza, naelewa, lakini ni mazoea ya lugha ile kuingia kwenye hii. Kitu kinachoweza kukwaza ni lile neno "wewe" lenyewe likisimama peke yake kwa sauti ya juu, "wewe msikilizaji!", hilo linasikika kama mtu anamuita mwizi. Huna haja nalo, kiambishi kinatosha. Kipindi cha BBC Swahili cha asubuhi kiliitwa Amka na BBC, angalia hapo, ni "amka" na si "amkeni", na wazee waliamka nacho bila kulalamika.

Neno "msikilizaji" nalo lipunguze. Hakuna mtu mtaani anayeitwa msikilizaji, ni kama zile meseji za "mpendwa mteja", ukiisoma tu unajua wametumiwa wengi. Mara moja kwa kipindi inatosha, na ukilitumia basi vyote vinavyolizunguka vikae kwenye umoja, maana wewe umemaliza na "karibuni sana msikilizaji", yaani umewakaribisha wengi halafu amefika mmoja. Makosa ya aina hii yanakuja mtu akianza kwa umoja na akachoka katikati, "popote ulipo tunawapenda", ukitaka kujigundua rekodi dakika mbili za mwanzo, sikiliza -ni, -wa-, m- na -enu tu, nyingine achana nazo.

Limebaki "kumekucha". Hili ni suala la ukweli. Saa kumi na moja Dar bado giza, jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili au na nusu kutegemea mwezi. Kwa hiyo hata hapo studio bado hakujakucha, labda "kunakucha", au "kunakaribia kupambazuka". Na Kigoma ipo magharibi sana, saa ni ileile lakini jua linawafikia karibu dakika 40 baada ya Dar, kwa hiyo hata ukingoja mpaka ukaliona jua dirishani ndo ukasema "kumekucha", mtu wa Kigoma anafungua mlango anakuta giza na anajua kabisa kwamba hao wa Dar wanaongea na Dar. Jambo dogo hilo linamtoa mtu kwenye maongezi kuliko kosa lolote la sarufi. "Umeamkaje" nayo iangalie, nesi aliyekesha wodini hajaamka, hajalala. "Habari za saa hizi" haimtupi mtu nje.

Mimi ningeanza hivi, wewe ibadilishe iendane na mdomo wako:

"Hujambo? ... Saa kumi na moja kamili, huku Dar bado giza, na kama upo Kigoma giza lako bado lina safari. Kama umenizidi umri, shikamoo. ... Kama ndo unatoka lindo, pole na usiku, twende wote mpaka ufike nyumbani. Na kama upo jikoni na wenzako bado wamelala, punguza redio kidogo, mi nitaongea taratibu."

Hakuna wapendwa, hakuna nyote, hakuna popote pale. Ile "twende wote" ni wingi lakini ni wa watu wawili, wewe na yeye, na ndo "sisi" pekee inayofaa saa hiyo. Ukiwa peke yako studio usiseme "tunakukaribisha", atajiuliza mpo wangapi humo.

Ikifika zamu ya matangazo ya vifo au taarifa ya maji kukatika, rudi kwenye wingi bila wasiwasi, "ndugu na jamaa mlioko Mbeya mnaarifiwa", hapo unaongea na ukoo mzima na wanajuana.