Mgeni kaanguka ngazini: bima italipa hadi wapi?

*"Nina nyumba ya wageni Rau, hapa Moshi. Mwezi wa nne mgeni aliteleza ngazini usiku akavunjika nyonga, na sasa wakili wake anadai shilingi milioni 34. Nyumba nimeikatia bima ya milioni 250, lakini wakala anasema kwa ajali hii zimebaki milioni 18 tu, kwa sababu mwezi wa tatu kampuni ilimlipa milioni 7 mteja aliyeangukiwa na geti Novemba iliyopita. Bima nilihuisha tarehe 1 Februari. Hesabu hiyo ni sawa?"*

Pole sana, dada. Nimesoma jedwali la hati yako ya bima ulilonitumia, na naona wakala amekosea. Hajakosea kwenye zile milioni 250, lakini.

Milioni 250 ni thamani ya jengo lako. Fedha hizo zinakuja moto ukiunguza paa au ukuta ukibomoka, yaani hasara ikiwa yako mwenyewe. Mgeni akiumia, kinachofanya kazi ni sehemu nyingine ya hati, ile ya dhima kwa umma, nayo ina vikomo vyake. Kwako vimeandikwa viwili: milioni 20 kwa kila tukio, na milioni 25 kwa mwaka mzima wa bima. Cha kwanza ndicho kiwango cha juu kwa ajali moja. Cha pili ni kama ndoo ya mwaka: kila kinacholipwa kinachotwa humo, na ikikauka kabla ya mwaka kuisha, ajali inayofuata ni juu yako.

Wakala amechukua milioni 25, akatoa 7, akabaki na 18. Kosa ni kwamba ameangalia siku fedha zilipotoka. Hati yako inasema inalipia "majeraha yatakayotokea ndani ya kipindi cha bima", kwa hiyo siku inayohesabiwa ni ile mtu aliyoumia. Yule wa geti aliumia Novemba, kabla hujahuisha. Hata kama cheki yake ilisainiwa Machi, milioni 7 zinatoka kwenye ndoo ya mwaka uliokwisha Januari 31. Ajali ya ngazini ni ya mwaka mpya, na kama hakuna dai jingine tangu Februari, ndoo imejaa. Kikomo chako hapa ni milioni 20. Mwandikie barua meneja wa madai wa kampuni yenyewe, si wakala, utaje tarehe zote mbili na uambatanishe ukurasa wa hati wenye maneno hayo. Wakigoma, peleka lalamiko TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima nchini.

Kuna jambo la pili ambalo watu wengi hawalioni mpaka siku ya malipo, nalo linaniuma kwa sababu lingeweza kubadilishwa wakati wa kukata bima. Gharama za wakili anayekutetea zimo ndani ya kikomo chako. Hati nyingine huziweka juu yake, yako imeandika "ikijumuisha gharama za utetezi". Kila shilingi inayokwenda mahakamani inapunguza ile ya kumlipa mgeni.

Tufanye hesabu. Milioni 34 ni dai, bado si deni. Bima ya dhima hulipa pale ambapo wewe unawajibika kisheria. Ulinieleza kwamba vigae vilikuwa vimelowa mvua ya masika na taa ya ngazi ilikuwa imeungua siku tatu, kwa hiyo sioni utakavyokwepa. Lakini mgeni naye akionekana alichangia, tuseme alishuka mbio akiongea na simu, fidia hupunguzwa kwa kadiri ya kosa lake. Chukulia madhara yamepimwa milioni 30 na yeye akabebeshwa sehemu moja ya tano. Anastahili milioni 24. Kama wakili wa utetezi amegharimu milioni 3, kwenye 20 zimebaki 17, na wewe unatoa milioni 7 mfukoni. Kwa hesabu ya wakala ungetoa 9. Laki tano za kwanza, ambazo hati inakuachia wewe, nimeziweka pembeni.

Ndiyo maana usikae kimya ukisubiri kampuni imalize. Kinachozidi kikomo ni chako, kwa hiyo waombe kwa maandishi wakushirikishe kabla ya kukataa pendekezo lolote la suluhu. Mgeni akikubali milioni 16 leo, kabla mawakili hawajala sana, wewe unatoa laki tano zako tu. Ila usimwahidi wala kumsainia chochote wewe mwenyewe. Kukiri kosa bila idhini ya kampuni kunaipa sababu ya kukataa dai zima.

Kupandisha kikomo sasa hakutagusa ajali hii. Ukihuisha Februari, waulize bei ya kikomo kikubwa zaidi kwa kila tukio, gharama za utetezi zikiwa juu yake. Na ile taa ya ngazini, kama bado haijabadilishwa, piga picha ilivyo kisha iwekwe leo.