Mteja akiomba afutwe: usimsahau kwenye ripoti na bakapu

Kumfuta mteja kwenye hifadhidata kuu ni amri moja. Ukitumia PostgreSQL, replika inayopokea mabadiliko kwa mtiririko itamfuta yenyewe, kwa kawaida ndani ya sekunde chache. Mimi hofu yangu iko kwingine: kwenye data inayopelekwa usiku kwa watu wa ripoti, na kwenye bakapu.

Chukua duka la mtandaoni la Nairobi. Mteja namba 48213 ameomba kufutwa tarehe 3 Machi. Kila usiku kuna kazi inayochukua mistari ambayo `updated_at` yake imebadilika tangu jana, inaipeleka kwenye hifadhidata ya ripoti. Mstari uliofutwa haupo tena, kwa hiyo hauna cha kubadilika. Kazi inamaliza salama, hakuna hitilafu yoyote kwenye logi, na mteja anabaki kule hadi siku idara ya mauzo itakapomtumia ujumbe wa ofa. Ndiyo maana nasisitiza ufutaji uandikwe kama tukio:

```sql
BEGIN;
INSERT INTO ufutaji (mteja_id, saa)
VALUES (48213, now());
DELETE FROM wateja WHERE id = 48213;
COMMIT;
```

Kazi ya usiku ikishapakia mistari mipya, isome `ufutaji` na kufuta namba hizo upande wa ripoti. Weka namba tu. Ukiandika humo simu au barua pepe, umemhifadhi tena mtu aliyeomba aondoke. Na namba hiyo asipewe mteja mwingine kamwe.

Bakapu usiifungue kuchomoa mtu mmoja; unaweza kuiharibu yote. Iache ifikie mwisho wake. Hatari inakuja siku ya kuirejesha. Tuseme tarehe 10 mnagundua data iliharibika tangu tarehe 3, mnarudi kwenye bakapu ya tarehe 2. Mteja 48213 anafufuka, na jedwali la `ufutaji` nalo linarudi likiwa halimjui. Hapa ndipo timu nyingi zinanaswa. Nakili jedwali hilo kila siku kwenye hifadhi nyingine isiyorejeshwa pamoja na hifadhidata, na baada ya kurejesha, endesha ufutaji wote upya kabla programu haijaunganishwa. Kisha tafuta 48213 kwenye hifadhidata kuu, kwenye replika na kwenye ripoti. Majibu yote yawe sifuri.

Kanuni za Kenya za ulinzi wa data za 2021 zinataka ombi la kufutwa lijibiwe ndani ya siku 14. Kama bakapu zenu hukaa siku 35, mwambie mteja ukweli: akaunti imefutwa tarehe 3 Machi, bakapu ya mwisho yenye jina lake itaondoka tarehe 6 Aprili, na ankara zake zitabaki miaka 5 kwa sababu sheria ya kodi inazidai.