Kurudia mtihani au VETA?

"Nipo Moshi, kidato cha nne nimepata divisheni foo ya 30: D tano, Hisabati na Fizikia F. Napenda umeme. Nirudie au niende VETA?"

Mdogo wangu, nenda VETA ukasome umeme wa majumbani, ila Novemba ufanye Hisabati na Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Masomo yenye D usiyaguse. VETA hawatakudai Fizikia, lakini ukitaka baadaye kusoma uhandisi wa umeme Chuo cha Ufundi Arusha, F hizo ndizo zitakazokukwamisha. Kwa kidato cha tano hesabu ni nyingine: zinatakiwa C tatu, nawe huna hata moja. Mdogo wangu wa kiume alirudia masomo yote saba, akapata D zilezile.