Mkubwa na Mchanga Katika Chumba Kimoja: Usiku Una Nusu Mbili

Mzazi anayejiandaa kumhamishia mtoto mchanga katika chumba cha ndugu yake mkubwa kwa kawaida huogopa kilio cha saa nne usiku, wakati mkubwa ndiyo kwanza amepitiwa na usingizi. Kwa uzoefu wangu wa kuwalaza binti wa miaka minne na mdogo wake wa miezi minane katika chumba kimoja, kilio cha saa hiyo ndicho chenye madhara madogo kuliko vyote. Mdogo aliweza kupaza sauti ikasikika nyumba nzima, na dada yake, hatua tatu kutoka pale, asitikise hata kidole. Kilichotuvuruga ni mnong'ono wa saa kumi na moja alfajiri, ambao mimi mwenyewe ningeweza kuupuuza, lakini yeye alikuwa tayari ameketi kitandani na kuuliza kama kumekucha.

Sababu yake iko katika mpangilio wa usingizi wenyewe. Mtoto aliyekwisha kuvuka uchanga hupata sehemu kubwa ya usingizi wake mzito katika theluthi ya kwanza ya usiku, na hapo ndipo unapoweza kumbeba kutoka gari hadi kitandani bila yeye kujua. Baada ya hapo usingizi huwa mwepesi zaidi, ndoto huongezeka, na kila mzunguko mmoja unapokwisha mtoto huja juu kidogo, akawa katika mang'amung'amu kwa muda mfupi, kisha akazama tena. Ikifika alfajiri, uchovu uliomlaza jioni umekwisha kutumika karibu wote, na hakuna kitu kingi cha kumrudisha chini akiguswa na sauti. Mchanga naye ana mizunguko mifupi, ya saa moja hivi au pungufu, kwa hiyo huja juu mara nyingi zaidi kuliko dada yake. Ukishaelewa hivyo utaona kwamba hulindi usiku mzima kwa nguvu ileile, bali unakuwa na nusu mbili zinazotaka mwenendo tofauti.

Katika nusu ya kwanza, jambo la maana ni kutokukurupuka. Mtoto mchanga anapokuwa katika usingizi wake mwepesi hugumia, hukunja uso, hurusha miguu na hata hutoa vilio vifupi viwili vitatu huku macho yamefumba, na mara nyingi huendelea kulala akiachwa. Mzazi anayeingia mbio wakati huo humwamsha mtoto ambaye hakuwa macho. Isitoshe, mlango unaofunguliwa ghafla, taa ya ukumbini inayomulika uso wa mkubwa na sauti ya mtu mzima inayobembeleza ni mambo yanayomwamsha mkubwa kuliko kilio chenyewe. Mimi husimama nje ya mlango na kusikiliza: kilio chenye mapumziko marefu na kinachoshuka hukiacha, na kinachopanda bila kukatika hukiitikia. Dakika mbili tatu hutosha kupambanua, na katika saa hizo mkubwa hapotezi chochote kwa kungoja kwangu.

Katika nusu ya pili nafanya kinyume. Kuanzia saa tisa usiku hivi siwezi kungoja, kwa sababu mkubwa yuko karibu na uso wa maji. Naingia kwa sauti ya kwanza, miguu mitupu, bila kuwasha taa na bila kusema neno, nampakata mdogo na kutoka naye. Kunyonyeshwa, kubadilishwa nepi na kubembelezwa hufanyika chumbani kwetu, wala hakuna linalofanyika pale kando ya kitanda cha dada yake. Kabla ya kumrudisha humwinua mkono na kuuachia: ukianguka wenyewe kama kitambaa, ngumi imefunguka na pumzi zinakwenda sawasawa, amezama; ukijikunja kurudi kifuani, nangoja kidogo zaidi. Bawaba za mlango zitiwe mafuta na skurubu za kitanda zikazwe mchana, maana kitanda kinacholia unapoinamia kitakuharibia kazi ambayo kilio hakikuiharibu.

Si kila mchanga yuko tayari kwa mpango huu. Ushauri wa madaktari wa watoto ni kwamba mtoto alale katika chumba cha wazazi, juu ya kitanda chake mwenyewe, kwa angalau miezi sita ya mwanzo, na mimi ningeongeza kwamba hata baada ya hapo, anayeamka mara kadhaa kila usiku kutaka kunyonya ni afadhali abaki kwenu mpaka amekuwa akiamka mara moja au mbili tu. Akihamia, awe na kitanda chake chenye vizuizi, alazwe chali, godoro liwe gumu na tambarare, na ndani yake kusiwe na mto, blanketi lililolegea wala kitu cha kuchezea. Kulala kitanda kimoja na ndugu yake si jambo la kujaribu. Hatari ambayo wazazi wengi hawaitarajii ni ukarimu wa mkubwa. Binti yangu alikuwa na desturi ya kumpitishia mdogo wake mwanasesere kati ya fito za kitanda ili asiwe mpweke, na usiku mmoja nilikuta mto wake mwenyewe umelazwa miguuni pa mtoto. Ndiyo maana kila usiku kabla ya kwenda kulala napapasa kitanda cha mdogo kuanzia kichwani hadi miguuni. Kwa mkubwa kuna sheria moja isiyobadilika: mdogo akilia, utaniita, hutapanda kitandani kwake wala kumpa kitu. Akiniita, jibu langu ni fupi na ni lilelile siku zote.

"Mama, mdogo wangu analia."

"Nimemsikia, mwanangu. Wewe lala."

Nilishangaa jinsi jibu hilo lilivyompunguzia kuamka. Mtoto wa miaka minne akihisi kwamba kilio hakina mwenyewe, hukaa macho akikilinda. Akijua kina mwenyewe, hugeuka upande wa pili.

Kwa upande mwingine, mkubwa humwamsha mdogo hasa katika nyakati mbili, anapoingia kulala na anapoamka. Kwetu mdogo hulala kwanza, na dada yake hufuata baada ya saa moja. Pengo hilo nililipata kwa kutazama: mdogo alikuwa akijigeuzageuza dakika arobaini na tano hivi baada ya kulazwa, mwisho wa mzunguko wake wa kwanza, na dada yake akiingia wakati huohuo wote wawili huwa macho. Akingoja mpaka mgeuko huo upite, hupata chumba kitulivu. Nguo za kulalia, mswaki, choo, hadithi na ile glasi ya maji ya dakika za mwisho vyote humalizikia sebuleni na bafuni, ili atakapovuka kizingiti kisibaki kingine isipokuwa kujilaza. Kwa mtoto anayelia kila anapolazwa, utaratibu ugeuzwe: mkubwa alale kwanza, nusu saa ipite ili azame, ndipo mdogo alazwe. Kilio kitamkuta mkubwa katika sehemu ya usiku ambayo haimdhuru.

Sauti ya kudumu, kama mvumo wa feni, husaidia, lakini wazazi huitegemea kuliko inavyostahili. Haifuniki kilio. Kazi yake ni kupunguza tofauti kati ya kimya na kikohozi, au kati ya kimya na mlio wa kitasa, na tofauti hiyo ndiyo inayogutusha. Iwe mbali na kichwa cha mtoto kwa mita mbili au zaidi, iwe ya chini kiasi kwamba watu wazima wawili wanaweza kuzungumza mle ndani bila kupaza sauti, na iendelee mpaka asubuhi. Ikiwekewa saa ya kujizima, itajizima pengine saa tisa usiku, na kimya cha ghafla kitawaamsha wote wawili.

Tatizo la alfajiri, ambalo ndilo lililotusumbua zaidi, halikuondoka kwa kuingia haraka peke yake. Mdogo alikuwa akilazwa saa kumi na mbili na nusu jioni na kuamka saa kumi na moja alfajiri, akiwa mchangamfu na hataki kunyonya. Baba watoto aliamini ni njaa, nami niliamini ni meno. Tulipokaa tukahesabu, usiku huo ulikuwa na saa kumi na nusu, na mchana alikuwa akilala jumla ya saa tatu, pamoja na usingizi mmoja ulioanza saa kumi na kwisha karibu na saa kumi na moja jioni. Mtoto wa umri wa miezi minne hadi kumi na miwili huhitaji saa 12 hadi 16 katika saa 24, mchana ukihesabiwa humo, na wetu alikuwa na 13 na nusu. Hakuwa na ugonjwa wowote wa usingizi; alikuwa ameshiba usingizi, na saa ya kushiba kwake ilikuwa imeangukia mahali pabaya.

Tuliufupisha usingizi wa jioni mpaka ukaondoka, kisha tukasogeza saa ya kulala kwa dakika kumi na tano, tukakaa hapo siku kadhaa, tukasogeza tena, hadi ikafika saa moja na robo. Dirishani tuliongeza kitambaa kizito nyuma ya pazia, kwa kuwa mwanga wa kwanza ulikuwa ukipita kwenye upindo na kuangukia kitanda chake. Kuamka kukasogea taratibu kuelekea saa kumi na mbili. Katika kusogeza huku kuna mpaka wa kuangalia: mtoto aliyecheleweshwa kupita kiasi hulala upesi, lakini huamka kwa kilio kikali kabla ya kutimiza saa moja ya usingizi. Ukiona hivyo, rudi nyuma robo saa.

Kwa mkubwa tuliweka taa ndogo inayobadilika rangi kwa saa tuliyoipanga. Watoto wa miaka mitatu kwenda juu huweza kuifuata. Chini ya hapo ni pambo tu. Ikiwa bado nyekundu, anabaki kitandani. Ikiwa kijani, anatoka kimyakimya na kuja kwetu, na nguo zake za siku zinamngoja sebuleni ili asifungue kabati. Alichokuwa hakijui ni kwamba anaruhusiwa kwenda choo taa ikiwa nyekundu, nasi hatukufikiria kumwambia mpaka tulipokuta shuka limelowa.

Homa, kikohozi na siku za kuota meno huvunja mpango wote huu, na hapo sijaribu kuushikilia. Mgonjwa anahamia chumbani kwetu, akiwa mchanga kwa kitanda chake, akiwa mkubwa kwa godoro la sakafuni, mpaka apite usiku mmoja mzima bila kuamka. Usingizi wa mchana nao sikuwahi kuuunganisha: mdogo hulala chumbani, na mkubwa, siku anazohitaji, hulala kitandani kwetu, ili asiwepo wa kumwamsha mwenzake.